Kupima Kipande cha Palizi kwa Utepe

Palizi ikilipwa kwa eneo, kipimo ndicho mshahara. Katika kipande kimoja cha chai msimamizi alipima urefu mita 40 na upana wa mwanzoni mita 12, akaandika mita za mraba 480. Lakini ukingo wa mtoni umepinda, basi tukapima upya.

Kando ya barabara tulinyoosha mstari wa msingi, kigingi kila mita 10. Kutoka kila kigingi tulipima hadi mtoni, tukapata mita 12, 15, 18, 16 na 11. Utepe ukienda mshazari kipimo huzidi, na msimamizi atakikataa kwa haki. Kwa hiyo kwenye kigingi pima mita 3 juu ya mstari na mita 4 kuelekea mtoni; ncha hizo zikiachana mita 5, pembe ni mraba.

Katika karatasi kila mita ni nusu sentimita. Tulihakikisha kwa kupima kigingi cha kwanza hadi pembe ya mwisho ya mtoni: mita 41.5, na mchoroni karibu sentimita 20.7.

Nusu ya 12 na 11, ongeza 15, 18 na 16, zidisha kwa 10: mita za mraba 605.