Fahamu: Safaricom iliuzwa lini, na nani alinunua?

Mfugaji wa Todonyang anayefika Lodwar kutoa pesa za mbuzi kwa wakala wa M-Pesa anatumia kampuni ambayo zamani serikali ilimiliki kwa wingi. Desemba 2025 serikali ilitangaza kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom, shilingi 34 kwa hisa. Ili kuelewa mauzo hayo, turudi nyuma.

Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza iliingia kwa asilimia 40. Asilimia 60 zikabaki kwa Telkom Kenya, shirika la serikali. Machi 2008 serikali ikauzia umma asilimia 25, yaani hisa bilioni 10. Mkenya alilipa shilingi 5 kwa hisa, mwekezaji wa nje 5.50. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo wengi walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba. Waliokopa benki ndio walioumia: kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5.

Swali la nani alinunua halijibiwi na jina la juu peke yake. Ndani ya asilimia 40 za Vodafone ilijificha Mobitelea, kampuni iliyosajiliwa Guernsey, ambako majina ya wamiliki halisi hayakuwekwa wazi. Kamati ya Bunge iliwatafuta mwaka 2007. Kwa maoni yangu, Wakenya walistahili kuyajua majina hayo kabla ya hisa kuuzwa.