Kitulo: Kuyafuata Maua Msimu wa Mvua

Anayetaka kuona maua ya Kitulo akubali kwanza kulowa. Uwanda huu wa Nyanda za Juu Kusini, ambao wengi huuita Bustani ya Mungu, uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na uliteuliwa kwa ajili ya mimea yake kuliko wanyama. Kuna aina 350 hivi za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi.

Okidi hizi huota ardhini, katikati ya nyasi, na wengi wanaozitafuta juu ya miti huzipita bila kuziona. Chini ya udongo zina viazi. Baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti ukitanda, sehemu ya juu hunyauka na kiazi husubiri. Mvua zikianza, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka, chipukizi hutoka, na maua hufuata baadaye. Kwa hiyo mvua ikichelewa, nayo maua huchelewa, hata kama vitabu vya wageni vimeandika Desemba hadi Aprili.

Tena hayachanui yote kwa pamoja. Aina moja inapomaliza, nyingine ndiyo kwanza inafungua, hivyo wa Desemba na wa Machi hawaoni bustani ileile. Mwenye hamu ya aina fulani awaulize askari wa hifadhi kabla ya kukata tiketi: nini kimechanua wiki hii, na barabara inapitika? Mimi swali la pili ningelitanguliza. Mvua inayoyaamsha maua ndiyo inayoigeuza njia kuwa utelezi, hasa ile inayopanda kutoka Chimala kuelekea Matamba, yenye kona 57.

Tuseme una siku tano za likizo mwezi Februari, nawe unatoka Dar es Salaam. Basi la Mbeya litakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, zinabaki tatu. Usizipangie zote. Siku ya kwanza panda Kitulo alfajiri kupitia Isyonje, kwa gari linalohimili matope, kabla mawingu ya mchana hayajashuka. Ukungu ukikuzuia, urudie kesho yake. Siku ya tatu ni ya akiba. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo ameweka safari yote mikononi mwa asubuhi moja.

Asiyependa matope aende Septemba hadi Novemba. Jua lipo na kutembea ni raha, ila maua ni machache. Aliyechagua Februari na barabara ikamshinda, Ziwa Ngozi liko ndani ya shimo la volkeno upande wa barabara ya Tukuyu, nalo lina ukungu wake.