Javeli Haipendi Mwenzake: Kwa Nini Tusiichanganye na Siki, Asidi wala Mkojo

Katika parseli nyingi za Lubumbashi kuna bidoni ya javeli. Tunaitumia kuosha tualeti, kupangusa sakafu na kung'arisha nguo nyeupe, na kolera ikisikika tunaitumia zaidi. Ni dawa nzuri ya kuua vijidudu. Hatari huanza pale tunapofikiri kwamba dawa mbili kali zikichanganywa zitasafisha mara mbili. Kwa javeli hesabu hiyo ni ya uongo: mchanganyiko husafisha vibaya zaidi, na hutoa gesi inayoweza kuua.

Kilichomo ndani ya javeli

Jina lake limetoka Javel, kijiji kilichokuwa karibu na Paris, ambako ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18. Ndani yake kuna klori iliyofungwa katika maji pamoja na soda kali. Soda hiyo ndiyo kamba inayoishika klori isitoke. Kadiri kamba inavyokaza, javeli hukaa kwenye chupa na kutoa harufu ndogo tu tunayoijua.

Ukimimina kitu chenye ukali wa uchachu, yaani asidi, kamba inakatika. Klori hutoka kama gesi. Ikiwa nyingi, huonekana rangi ya kijani-njano, na harufu yake hukata pumzi. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha katika vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Asidi za nyumbani ni siki (vinegri), maji ya ndimu, dawa za kuondoa ukoko wa choo, na asidi ya batri ambayo wengine huimimina ndani ya tualeti iliyoziba.

Amonia hufanya kazi kwa njia nyingine. Haikati kamba, bali klori hushikamana nayo, na vinazaliwa mvuke unaoitwa kloramini, unaochoma macho na koo. Amonia imo ndani ya dawa nyingi za kusafisha vioo na rangi nyingi za nywele. Lakini hata mtu asiyenunua dawa hizo anayo nyumbani: mkojo uliokaa huwa amonia. Ndiyo ile harufu kali ya nepi zilizolala usiku mzima kwenye ndoo, ya shimo la choo wakati wa joto, na ya kinyesi cha kuku ndani ya banda.

Yaliyotokea Burlington

Tarehe 7 Novemba 2019, katika mgahawa mmoja wa mji wa Burlington, jimbo la Massachusetts huko Amerika, dawa ya asidi ya kuondoa ukoko ilimwagika kwenye sakafu ya jikoni. Baadaye mfanyakazi mwingine, asiyejua kwamba sakafu ina asidi, alimimina dawa ya kuosha sakafu yenye klori ya namna ya javeli. Maji yalianza kutoa mapovu na kugeuka kijani. Mfanyakazi huyo alihisi vibaya, akatoka nje.

Mkubwa wa mgahawa alijaribu kuyasukuma maji hayo nje kwa fagio la mpira. Alivuta gesi nyingi, akafa siku hiyo. Watu zaidi ya 10 walikwenda hospitali.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, hakuna aliyechanganya dawa ndani ya ndoo kwa makusudi: zilikutana sakafuni. Kwa hiyo haitoshi kuziweka katika vyombo mbalimbali. Inabidi kujua kilichopita mahali hapo kabla yako. Pili, aliyekufa ni yule aliyebaki kusafisha.

Kuosha tualeti yenye ukoko

Ukoko mweupe ambao maji huacha kwenye birika hukaa pia ndani ya bakuli la tualeti. Javeli huung'arisha tu, haiuondoi. Siki ndiyo inayouyeyusha, na hapo ndipo watu wengi huanza kuzichanganya. Zitenganishe kwa siku.

Siku ya kwanza, mimina siki, acha saa moja au mbili, sugua kwa brashi, kisha piga maji mara mbili au mwaga ndoo mbili nzima. Siku nyingine, piga maji kwanza ili mkojo uondoke, fungua mlango na dirisha, ndipo umimine javeli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tumia maji baridi. Ikibidi kuchagua moja, kumbuka: kwa vijidudu chukua javeli, kwa ukoko chukua siki.

Kwa choo cha shimo, usimwage javeli ndani ya shimo. Humo mna mkojo mwingi, javeli itaishiwa nguvu bure na mvuke utakurudia usoni. Osha sakafu ya choo kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upanguse javeli iliyozimuliwa. Nepi nazo zisuuzwe mkojo wote kabla ya kulowekwa. Na banda la kuku: ondoa kinyesi, osha kwa sabuni, suuza, kisha tia javeli kuku wakiwa nje.

Jambo la mwisho ni chupa. Javeli ya sokoni hupimwa mara nyingi katika chupa za maji au za sukari. Andika jina juu yake kwa kalamu isiyofutika na uiweke mbali na watoto. Usiitie kamwe katika chupa iliyokuwa na siki au asidi, kwa maana gesi ikizaliwa ndani ya chupa iliyofungwa inaweza kuipasua.

Kama gesi imekwisha kutoka

Dalili za kwanza ni macho kutoa machozi, koo kuwaka, kikohozi na kifua kubana. Usingoje kuhakikisha. Toka mara moja na watoto wote, acha ndoo pale ilipo. Gesi ya klori ni nzito kupita hewa, hutambaa chini, kwa hiyo mtoto anayecheza sakafuni huivuta kabla ya mama aliyesimama. Nendeni mahali pa wazi, upande upepo unakotoka. Usirudi kumwaga mchanganyiko, na usiongeze dawa nyingine ya kuuzima. Ngoja hewa isafishe nyumba.

Macho yanayochoma yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe. Watu wengi hapa hukimbilia kunywesha maziwa au mafuta ya mawese. Hayasaidii, kwa sababu gesi imekwenda mapafuni, si tumboni, na mtu anayekohoa sana anaweza kupaliwa.

Mwenye kupumua kwa shida, mwenye pumu, mtoto mdogo au mama mjamzito apelekwe hospitali bila kungoja. Hata anayejisikia nafuu aangaliwe siku nzima na usiku wake, maana maji yanaweza kujaa mapafuni baada ya masaa kadhaa. Akianza kuhema haraka, kutoa povu au midomo kugeuka samawi, ni hatari ya kufa. Mwambie munganga majina ya dawa zote mbili zilizokutana, au umwonyeshe picha ya chupa katika telefone, ili ajue mara moja anatibu nini.

Mtu anayekusaidia kazi za nyumbani naye aambiwe haya, pamoja na watoto wakubwa wanaoosha choo siku ya Jumamosi. Kila mmoja amwulize wa kabla yake: "Hapa umemimina nini?" Asiyejua jibu amwage maji mengi kwanza, asuuze, ndipo afungue javeli.