Umegongwa na Dereva Ametoroka: Bima Itataka Nini?

Wateja wetu wa Mombasa hutuuliza sana kuhusu ujumbe wa malipo: je, ile meseji ya kulipa breakdown inatosha kupeleka kwa bima? Jibu fupi ni kwamba inasaidia, lakini haitoshi. Ukigongwa na mtu akatoroka, karatasi inayobeba klemu yako ni abstrakti ya polisi, na hiyo huanzia kituoni.

Tuchukue mfano. Umeegesha Probox yako Barabara ya Digo, karibu na Marikiti, saa mbili usiku. Pikapu nyeupe inakukwaruza ubavuni, inavunja taa na kioo cha pembeni, kisha inaelekea upande wa daraja la Nyali bila kusimama. Mwenye kibanda cha kahawa ameona herufi tatu za kwanza za nambari, basi.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 73, inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame. Asipotoa jina lake pale pale, anatakiwa aripoti kituoni haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Yeye ametoroka, ila wewe usingoje kuona kama atajirudisha. Piga picha kabla hujasogeza chochote: gari zima na barabara ikionekana, kisha alama za kugongwa, rangi nyeupe iliyobaki kwenye ubavu, na vigae vya taa chini. Chukua jina na simu ya huyo wa kahawa. Herufi tatu zinaonekana kidogo, lakini kwa afisa anayetafuta pikapu nyeupe si haba.

Kwa upande huo wa kisiwa, watu wengi huripoti Kituo cha Kati, Barabara ya Makadara. Afisa anaandika habari yako kwenye kitabu cha matukio na kukupa nambari ya OB. Hiyo nambari si abstrakti, na hapa ndipo wengi hukwama. Wanaenda kwa bima na kijikaratasi cha OB, wanarudishwa. Abstrakti ni fomu yenye maelezo ya ajali, magari na bima. Kwenye nafasi ya gari la pili wataandika halijulikani na kwamba uchunguzi unaendelea. Usiogope hilo, bima wamezoea kuliona. Kinachowasumbua ni makosa madogo, kwa hivyo soma nambari ya gari, tarehe na nambari ya bima yako kabla hujaondoka kaunta.

Kamera za maduka ni haraka zaidi ya yote. Mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe, baada ya siku chache tu. Muombe mwenye duka ahifadhi kipande hicho kikiwa na saa na tarehe, kisha mwambie afisa kamera iko wapi. Kama mwenye duka anasita kukupa wewe, polisi wanaweza kuomba wenyewe.

Sasa bima. Kama una thadi pati peke yake, gari lako halilipwi, maana hiyo hulinda wale uliowagonga wewe. Wenye bima kamili ndio wanaoweza kudai, wakitoa ekses yao. Kwa kawaida kampuni itataka fomu ya klemu, abstrakti, nakala ya leseni na logibuku, picha, na makadirio ya gereji. Kisha itatuma asesa. Usitengeneze gari kabla asesa hajaliona, hata kama fundi ni shemeji yako. Angalia pia kwenye mkataba wako umepewa siku ngapi za kutoa taarifa.

Kama kuna aliyeumia, nenda hospitali kwanza, na uombe fomu ya P3 kituoni ili daktari aijaze. Weka risiti zote. Dereva akipatikana baadaye, bima yake ya thadi pati inaweza kudaiwa, na kesi ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Asipopatikana, hakuna bima ya kumdai. Ile Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ambayo watu huitaja huwashughulikia wateja wa kampuni za bima zilizoanguka, si wagongwa wa magari yasiyojulikana.

Turudi kwenye malipo. Ujumbe wetu unaonyesha kiasi, saa na jina la aliyepokea. Hausemi kazi gani ilifanywa. Ukilipa breakdown au fundi, dai risiti iliyoandikwa nambari ya gari na kazi, uiweke pamoja na taarifa ya miamala ya siku hiyo. Zikilingana, ni vigumu kuzibishia.

Na akikupigia mtu akisema yeye ni afisa, pikapu imepatikana, tuma elfu mbili ya mafuta ifuatwe, usitume. Nenda kaunta ile ile uliyoripoti, na nambari yako ya OB mkononi, uulize huko.