Zoom haioni kamera: pa kuanzia

Katibu wa chama cha kuweka na kukopa amepakua Zoom kwenye tovuti yake na kuiweka kwenye kompyuta mpakato yenye Windows 11. Kikao kinaanza, programu inadai hakuna kamera, na wajumbe hawamsikii. Wengi hapo hufuta programu na kuiweka upya. Mara nyingi ni kazi bure, kwa sababu kizuizi kiko kwenye Windows yenyewe.

Kabla ya kugusa chochote kwenye Zoom, afungue programu iitwayo Camera inayokuja na Windows. Akiiona sura yake humo, basi kamera ni nzima na kompyuta inaitambua. Aifunge mara moja, maana programu moja ikiishika kamera, nyingine inaweza kunyimwa.

Sasa aende Settings, kisha Privacy & security, kisha Camera. Hapo kuna swichi zinazowachanganya watu. Ya Let apps access your camera inahusu hasa programu zilizotoka Microsoft Store, na kila moja ina kitufe chake chini yake. Zoom iliyopakuliwa kwenye tovuti haimo katika kundi hilo, hivyo mtu anaweza kuitafuta kwa jina na kukata tamaa. Inayoitawala ni swichi ya chini zaidi, Let desktop apps access your camera. Ndiyo maana Camera inaweza kufanya kazi huku Zoom ikiwa kipofu. Katibu aiwashe, aifunge Zoom kabisa, kisha aifungue upya.

Ukurasa wa Microphone, katika Privacy & security hiyohiyo, una swichi za aina hiyo na huwashwa peke yake. Kuruhusu kamera hakuruhusu sauti.

Ikiwa hata Camera imeshindwa na kuonyesha 0xA00F4244, Windows haioni kamera yoyote. Baadhi ya kompyuta zina swichi ubavuni au kitufe kwenye safu ya F kinachoikata kamera kabisa. Kifuniko cha kuteleza ni jambo jingine: kamera huonekana kwenye orodha, ila picha ni nyeusi tupu. Kama hakuna swichi, abofye kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, achague Device Manager, afungue Cameras. Mshale mdogo unaoelekea chini kwenye jina la kamera maana yake imezimwa. Enable device itaiamsha.

Sauti ina mtego wake. Spika za masikioni za Bluetooth zilizosahaulika mkobani zikiwa zimewaka zinaweza kuwa ndizo zinazosikiliza badala ya maikrofoni ya kompyuta. Katika Zoom, mshale ulio kando ya alama ya maikrofoni hufungua orodha ya kuchagua. Ya ndani mara nyingi huandikwa Microphone Array. Kisha, katika mipangilio ya Audio, abonyeze Test Mic na aseme neno: Zoom itamrudishia sauti yake, na wajumbe hawatalazimika kuulizwa kama wanasikia.