Kivuko cha Kondo: Jinsi Sindano ya Pepopunda ya Mama Inavyomfikia Mtoto

Jina la pepopunda lina pepo ndani yake, na aliyewahi kumwona mtoto mchanga anayeugua anaelewa kwa nini wazee walimtaja pepo. Mtoto amezaliwa salama, analia vizuri, ananyonya siku ya kwanza na ya pili. Kisha, kati ya siku ya tatu na ya kumi na nne hivi, anaanza kushindwa kulishika titi. Taya limekaza. Midomo imevutika kana kwamba anatabasamu, ngumi zimekunjwa, mgongo unapinda kama upinde. Ukimgusa, ukifungua dirisha mwanga ukaingia, hata mlango ukigongwa, mwili mzima unakakamaa. Na akili yake iko macho wakati wote huo. Nyumbani watu husema ni degedege, au kijicho, na siku za kumwahisha hospitali hupotea hapo.

Wiki iliyopita tulieleza maumbile ya ugonjwa huu: bakteria anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, akiwa amejifungia ndani ya ganda gumu ambalo hata maji yanayochemka hayaliui kwa uhakika. Anaingia kwa mtoto kupitia kitovu, kwa wembe usio safi, uzi uliookotwa, samli, majivu au kinyesi cha ng'ombe kilichopakwa ili kitovu kikauke. Lakini si bakteria mwenyewe anayeua. Anabaki palepale kwenye kitovu na kutoa sumu, sumu ikapanda kwenye mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, ikazima breki zinazoilegeza misuli. Ikishazama ndani ya mshipa wa fahamu, hakuna dawa inayoweza kuifuata humo. Kwa hiyo kinga inatakiwa iwepo damuni kabla kitovu hakijakatwa, nayo mtoto wa siku moja hawezi kujitengenezea. Lazima azaliwe nayo.

Leo tuifuate kinga hiyo tangu inapochomwa kwenye bega la mama.

Kilichomo ndani ya sindano ni ile sumu yenyewe ya pepopunda, iliyolowekwa kwenye kemikali ya formalini mpaka ikapoteza makali yake lakini ikabaki na umbo. Siku hizi huchanganywa na sumu ya dondakoo iliyopoozwa vivyo hivyo, na chupa huandikwa Td. Hamna bakteria hai ndani yake, wala hakuna kitu kinachoweza kuzaliana mwilini mwa mama au kumfikia mtoto kikawa ugonjwa. Askari wa damu ya mama wanalikariri umbo hilo na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazoikamata sumu halisi na kuifunga kabla haijagusa mshipa wa fahamu.

Hapa mama mmoja kliniki aliniuliza swali zuri. Yeye aliwahi kuugua pepopunda akiwa msichana, akapona baada ya kulazwa kwa wiki kadhaa. Si tayari ana kinga, kama aliyeugua surua? Hana. Sumu ya pepopunda ni kali mno hata kiasi kinachotosha kumlaza mtu ni kidogo sana, hakitoshi kuuzindua mwili ukajifunza. Huu ni ugonjwa ambao mtu anaweza kuugua mara mbili, na aliyepona huchanjwa kama yule ambaye hajawahi kuugua.

Swali la pili huulizwa na karibu kila mjamzito: kwa nini nirudi, wakati nimeshachomwa? Jibu lilipatikana mashambani Kolombia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966. Wanawake waliochomwa sindano moja tu ya pepopunda, watoto wao waliendelea kufa kwa ugonjwa huo bila tofauti ya maana na wale ambao mama zao walipewa chanjo ya ugonjwa mwingine. Waliopata sindano mbili au zaidi, hakuna mtoto wao aliyekufa kwa pepopunda. Sindano ya kwanza huutambulisha mwili na adui, na kingamwili zinazotoka ni chache na hupungua upesi. Ya pili inawakuta askari wanaokumbuka, na ndani ya wiki moja au mbili kingamwili hupanda mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu wiki nne huachwa kati ya hizo mbili, na ya pili hutakiwa iwe imechomwa angalau wiki mbili kabla ya kujifungua.

Sasa tufike kwenye kondo la nyuma. Wengi hudhani damu ya mama na ya mtoto huchanganyika humo. Hazichanganyiki. Kati yao kuna ukuta wa seli, na kingamwili ni protini kubwa mno kuweza kupenya ukuta huo kama chumvi au sukari. Zinavushwa. Msomaji aliyewahi kusubiri kivuko cha Likoni au Kigamboni ataelewa haraka. Juu ya ukuta huo, upande wa mama, seli humeza matone ya damu yake na kuyafungia kwenye vifuko vidogo. Ndani ya vifuko mna uchachu kidogo, na uchachu huo ndio unaoziwezesha kingamwili kujishikiza kwenye vipokezi maalumu vilivyomo. Kifuko huvuka hadi upande wa mtoto na kufunguka. Damu ya mtoto haina uchachu, basi mshiko unalegea na kingamwili inashuka. Kile ambacho hakikujishikiza huishia kumeng'enywa njiani.

Wanaopandishwa kivukoni humo ni kingamwili za aina ya G peke yake, kwa sababu ndizo zenye mkia unaotoshea kipokezi. Aina ya M, ambazo ndizo za kwanza kutengenezwa mtu anapochanjwa au kuugua, hubaki upande wa mama. Aina ya A hupita njia nyingine, kwenye maziwa, na kazi yake ni kulinda utumbo na koo la mtoto. Dhidi ya sumu inayotoka kitovuni haisaidii. Wafugaji watakumbuka kwamba kwa ng'ombe mambo ni tofauti kabisa: kondo la ng'ombe halivushi kingamwili, na ndama asiponyonya dang'a katika saa zake za kwanza anabaki bila kinga. Binadamu amepewa yake tumboni, ila amepewa kwa ratiba.

Ratiba hiyo ndiyo ningependa kila mjamzito aielewe. Kivuko huanza kufanya kazi karibu na wiki ya 13, lakini polepole sana. Kufikia wiki ya 28 hadi ya 32, mtoto ana karibu nusu tu ya kiwango cha mama. Wiki za mwishomwisho ndizo zenye safari nyingi, na mtoto anayezaliwa kwa wakati wake huweza kuwa na kingamwili nyingi kuliko mama mwenyewe. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini mtoto njiti huzaliwa na akiba pungufu hata kama mama yake alichanjwa ipasavyo.

Tuchukue mama wawili wa mfano, wote mimba ya kwanza, wote hawana kumbukumbu ya chanjo yoyote. Wa kwanza, tumwite Mwanaidi, anafika kliniki tarehe 3 Machi, mimba ikiwa na wiki 20. Anachomwa siku hiyo, anarudi tarehe 31 Machi kwa dozi ya pili. Anajifungua tarehe 21 Julai, wiki ya 40. Kati ya dozi ya pili na kujifungua zimepita wiki 16, na kingamwili zake zilikuwa zimeshapanda tangu katikati ya Aprili, kabla kivuko hakijashika kasi. Wa pili, tumwite Zawadi, anafika akiwa na wiki 35. Dozi ya pili inaangukia wiki ya 39, na wiki moja baadaye uchungu unaanza. Kadi yake ina sindano mbili kama ya Mwanaidi, lakini mtoto wake hahesabiwi kuwa amelindwa. Kwake kinga imebaki kwenye mikono misafi, wembe mpya, na kitovu kisichopakwa kitu chochote ambacho mhudumu wa afya hakukitoa.

Kuna jambo la pili linaloharibu safari, nalo linatuhusu sana sisi wa huku. Kondo likishambuliwa na malaria, kingamwili zinazovuka hupungua, na mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye huvusha pungufu. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha yote mawili kwa kingamwili za pepopunda hasa. Maradhi hayo huujaza mwili wa mama kingamwili nyingi za kila aina, nazo zote zinagombea nafasi kwenye vipokezi vilevile. Kivuko kinajaa abiria wengine na wale tunaowahitaji wanaachwa ng'ambo. Malaria vilevile hudhuru kuta zenyewe za kondo. Basi vidonge vya SP anavyomeza mjamzito mbele ya muuguzi, na chandarua anacholalia, vinailinda pia kinga ya pepopunda ya mtoto, jambo ambalo sisi wataalamu hatulielezi vya kutosha tunapovigawa.

Kinga aliyozaliwa nayo mtoto ni ya kuazima. Hakuna seli ya mtoto inayojua kuitengeneza, hivyo inapungua tu, kwa takriban nusu kila wiki nne. Tuseme mtoto wa Mwanaidi kazaliwa na kiwango cha 1.6, na tuhesabu kuwa chini ya 0.1 hatuna uhakika naye. Akiwa na wiki 4 amebakiwa na 0.8, wiki ya 8 ana 0.4, ya 12 ana 0.2, na ya 16 amefika kwenye mpaka. Kitovu kilishapona zamani, lakini mtoto ameanza kujigeuza sakafuni na kesho atakanyaga msumari. Kwa sababu hiyo chanjo yake mwenyewe, ile ya pamoja yenye pepopunda ndani, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, ili aanze kujitengenezea kabla ya akiba ya mama kwisha.

Na mama je? Dozi mbili zinamtosha kwa miaka mitatu hivi, wala si kwa maisha yake yote ya uzazi. Ya tatu huchomwa miezi sita au zaidi baada ya ya pili na humpa miaka 5. Ya nne, mwaka mmoja baadaye, humpa 10. Ya tano, mwaka mwingine mbele, humfikisha mwisho wa umri wa kuzaa. Wengi huishia kwenye mbili kwa sababu baada ya kujifungua hakuna anayewauliza, na mimba ya nne au ya tano inapokuja kadi ya kwanza imeshapotea na hesabu inaanzwa upya.

Turudi kwa Mwanaidi. Dozi yake ya tatu inaruhusiwa kuanzia mwisho wa Septemba. Mtoto wake atapelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki 14 tarehe 27 Oktoba. Achukue kadi mbili siku hiyo, ya mtoto na yake mwenyewe, na mtoto akishachomwa paja, mama naye akunje mkono wa gauni.