Dizeli Ikiingia Maji

Usiku wa Juni 26, 2025, katika mji wa Ratlam, jimbo la Madhya Pradesh nchini India, magari ya msafara wa waziri kiongozi wa jimbo hilo, Mohan Yadav, yaliingia sheli kujaza dizeli kwa ajili ya ziara ya siku iliyofuata. Hayakufika mbali. Moja lilianza kukwamakwama, jingine likazima, na muda si mrefu magari 19 yalikuwa yamesimama, mengine yakisukumwa kwa mikono. Mafundi walipofungua matangi, ilielezwa kwamba katika lita 20 za mafuta karibu lita 10 zilikuwa maji. Maofisa wakakifunga kituo, na maelezo yaliyotolewa pale yalikuwa kwamba maji ya mvua yalipenya hadi kwenye tangi la mafuta. Msafara ukalazimika kuagiza magari mengine kutoka Indore.

Kilichowashangaza wengi ni kasi ya tukio lenyewe. Gari lililotembea vizuri asubuhi nzima linazimaje mara tu baada ya kunywa mafuta? Jibu liko kwenye uzito. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, wakati lita ya maji ni gramu 1,000. Viwili hivyo havichanganyiki, kwa hiyo maji hushuka na kutulia chini, na bomba linalofyonza mafuta kuyapeleka kwenye injini limewekwa palepale chini ya tangi, ili gari liweze kutumia karibu mafuta yote. Hata kama sehemu ya juu ya tangi imejaa dizeli safi, injini hupakuliwa maji kwanza.

Wenye magari ya Ratlam walipata hasara ya muda na aibu, lakini kwa maana moja walikuwa na bahati. Maji mengi huzima injini mapema, kabla hayajapata nafasi ya kusaga vyuma kwa muda mrefu. Anayestahili kuhurumiwa zaidi ni yule ambaye gari lake linapokea kijiko kimoja cha maji na chembe kidogo za vumbi kila anapojaza, mwezi hata mwezi, na linaendelea kutembea kana kwamba hakuna kitu.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto kama ya petroli. Pistoni hubana hewa tupu mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha dizeli hurushwa humo na kulipuka yenyewe kwa joto hilo. Ili iwake sawasawa na kwa wakati wake, lazima iingie kama ukungu, si kama matone. Kazi hiyo hufanywa na injekta, ambayo mafundi wengi wanaiita nozo. Ncha yake ina vitundu vyembamba, vingi vikiwa na upana wa kati ya milimita 0.1 na 0.2. Katika injini za kisasa kama zile za D-4D zilizomo kwenye Toyota Hilux nyingi, pampu husukuma mafuta kwa mgandamizo unaoweza kuzidi ule wa upepo wa tairi mara 700.

Mgandamizo mkubwa kiasi hicho hauwezi kuzuiwa kwa raba au gasketi. Ndani ya pampu na nozo, chuma huteleza juu ya chuma kingine, na nafasi iliyoachwa kati yao ni maikroni mbili au tatu tu, yaani elfu mbili au tatu za milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Katika nafasi hiyo hakuna oili ya injini inayofika. Kinacholainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe inayopita. Hili ndilo jambo ambalo wamiliki wengi wa magari hawaambiwi: dizeli inayochomwa kwenye silinda ni hiyohiyo iliyokuwa ikifanya kazi ya oili kwenye pampu sekunde moja kabla.

Sasa maji yakiingia hapo, utando wa dizeli hukatika na vyuma vinagusana vikavu. Juu ya hayo, pampu na nozo ni za chuma kinachoshika kutu. Gari likilala wikendi nzima likiwa na tone la maji ndani ya nozo, kutu huanza, na vipande vyake vinavyobanduka vinageuka kuwa uchafu mpya uliozaliwa ndani, upande ambao tayari umeshapita chujio. Kwenye ncha ya nozo, iliyo ndani ya chumba cha moto, tone la maji hugeuka mvuke ghafla na kuvimba kwa nguvu inayoweza kupasua ncha hiyo.

Vumbi lina tabia tofauti. Chembe kubwa zinazoonekana kwa macho si tatizo kubwa, kwani chujio lolote lenye akili litazikamata. Balaa ni zile za maikroni tano au kumi, ambazo mtu hawezi kuziona hata akiinua chupa ya dizeli juani. Nyingi ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu kuliko aina nyingi za chuma. Zikipita kwa mgandamizo ule kwenye kiti kidogo ambapo sindano ya nozo hukaa ili kufunga mafuta, huchonga vijia. Nozo haifungi tena vizuri. Inaanza kudondosha mafuta ndani ya silinda wakati ambao haikupaswa, na mafuta hayo huwaka vibaya, pistoni ikipata joto mahali pamoja kupita kiasi. Mafundi waliofungua injini za namna hiyo wamekuta pistoni imetoboka tundu.

Dalili huja taratibu. Kwanza gari linachelewa kuwaka asubuhi. Kisha injini inagonga na kutikisika ikiwa imesimama, nguvu inapungua mlimani, na moshi mweusi unaongezeka. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unaonyesha mafuta yanatoka bila kuungua, na nozo mbovu au maji ni miongoni mwa sababu zake.

Fundi makini haanzi kwa kununua nozo zote nne. Katika injini hizi za mgandamizo mkubwa, kila nozo ina kijibomba kinachorudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi. Huvichomoa, akaunganisha kila kimoja kwenye chupa yake, kisha anawasha injini kwa dakika chache. Chupa tatu zikiwa na kiasi kinacholingana na ya nne imejaa mara tatu yake, nozo iliyolika imejitaja yenyewe. Kinachopita pembeni ni mafuta yaliyotakiwa kubaki yamebanwa ndani, na yakipotea mengi mno pampu inashindwa kufikisha mgandamizo wa kuwashia. Ndiyo maana gari linazungushwa stata asubuhi mpaka betri inachoka.

Hapa wapenzi wa magari ya zamani hutabasamu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyozoeleka katika barabara za vumbi kote Afrika Mashariki, husemwa kwamba inakula chochote. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Pampu yake haiendeshwi kwa umeme wa kompyuta, na nozo zake hufunguka kwa mgandamizo mdogo sana ukilinganisha na wa D-4D, hivyo chembe hazichongi kwa kasi ileile. Lakini nayo pampu yake imetengenezwa kwa nafasi za maikroni chache na inalainishwa na dizeli hiyohiyo. Inavumilia muda mrefu zaidi, basi. Pampu iliyoshika kutu ni pampu iliyoshika kutu, hata iwe ya mwaka gani.

Lawama nyingi hupelekwa sheli, na mara nyingine kwa haki. Ila kwenye mashine za kusaga, jenereta, boti za uvuvi na matrekta, maji mara nyingi hutoka nyumbani kwa mwenye mali. Chukua pipa la lita 200 lililosimamishwa nje. Mvua inanyesha na maji yanatuama juu ya mfuniko, ndani ya ukingo. Mchana pipa linapata joto, hewa iliyomo inatanuka na kujipenyeza nje kupitia kizibo. Usiku linapoa, hewa inasinyaa, na pipa linavuta ndani kile kilicho juu ya kizibo, yaani maji. Hakuna aliyelifungua, wala hakuna aliyeiba. Dawa yake haina gharama: pipa lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, chini ya kiwango cha mafuta. Hapo kizibo kinalowa dizeli kwa ndani na hakina maji ya kuvuta kwa nje.

Tangi la gari linalolala nusu tupu nalo hukusanya unyevu, hasa Pwani ambako hewa ni nzito. Kwa usiku mmoja ni matone machache mno. Kwa jenereta ya akiba inayokaa miezi bila kuwashwa, matone hayo yanatosha kuanzisha uhai: kuvu na bakteria huishi pale maji na dizeli vinapokutana, wakila mafuta na kunywa maji. Mazao yao ni utando mweusi wenye kuteleza. Siku umeme unapokatika na jenereta inahitajika kweli, utando huo ndio unaoziba chujio dakika kumi baada ya kuwasha.

Chujio la magari mengi ya dizeli lina sehemu ya chini ya kukusanyia maji, na kihisi kinachowasha taa kwenye dashibodi yakifika kiwango fulani. Sehemu hiyo ni ndogo, haifiki hata glasi moja katika magari mengi, kwa hiyo taa ikiwaka si ya kusubiri safari iishe. Injini huzimwa, chombo kikawekwa chini, kizibo cha chini ya chujio kikalegezwa, na pampu ya mkono ikabonyezwa mpaka itoke dizeli tupu. Kilichotoka kikiwekwa kwenye chupa angavu kwa nusu saa, mstari kati ya maji na mafuta huonekana wazi. Kama maji yanarudi kila baada ya siku mbili, chujio halina kosa. Ni tangi linalohitaji kushushwa na kusafishwa. Na kama gari limezima kabisa baada ya kujaza, kuendelea kupiga stata ni kuyasukumia maji yale ndani ya pampu. Heri livutwe.

Wapo wanaomimina spiriti kwenye tangi ili kuyamaliza maji. Spiriti hufanya kweli maji yasionekane, kwa kuyasambaza. Maji yaliyosambaa hivyo hayatulii tena kwenye chujio, bali hupita nalo mpaka kwenye nozo.

Tabia nyingine iko gereji, na hata mafundi wazuri wanayo. Akibadilisha chujio, fundi hulijaza dizeli kutoka kwenye dumu kabla ya kulifunga, ili injini isisumbue kuwaka. Mara nyingi huimimina katikati, kwenye tundu ambalo mafuta yaliyokwisha kuchujwa hutokea kwenda kwenye pampu. Dizeli ya dumu, pamoja na vumbi la gereji, inakwenda moja kwa moja kwenye vyuma vya maikroni mbili bila kupita karatasi ya chujio hata mara moja. Baadhi ya watengenezaji wa injini kubwa wanakataza jambo hili waziwazi katika vitabu vyao. Wanataka chujio lifungwe likiwa kavu, kisha mafuta yavutwe kwa pampu ya mkono mpaka hewa yote itoke, kazi ambayo huchukua dakika tano na kuchosha kidole gumba.